Hewa iingie maziwa yakiwa bado baridi

Nilipoanza kutengeneza kapuchino, kahawa yenye povu la maziwa, hapa Goma, juu ya kikombe kulikuwa na mapovu makubwa kama ya sabuni. Sababu ilikuwa moja: niliingiza hewa maziwa yakishapata moto. Hewa ikichelewa hivyo, mzunguko wa maziwa haupati muda wa kuisaga, na mapovu yanabaki wazi juu.

Sasa kwa kikombe cha mililita 180 ninatia mililita 150 za maziwa kutoka friji kwenye jagi la mililita 350. Nafungua mvuke kidogo hewani kwanza ili maji yaliyolala kwenye bomba la mvuke la mashini ya kahawa yatoke. Kisha nazamisha ncha ya bomba kidogo tu chini ya uso wa maziwa, kando ya katikati, nafungua mvuke kabisa na kuliteremsha jagi polepole mpaka nisikie sauti ya karatasi inayochanwa. Hiyo ndiyo hewa inaingia. Kwa kapuchino naiacha kama sekunde 5, kwa late sekunde 2 au 3. Mashini yenye mvuke dhaifu itataka zaidi, kwa hiyo fuata kiganja kuliko saa: jagi likiacha kuwa baridi mkononi, maziwa yako karibu nyuzi 37, na hewa imetosha.

Hapo napandisha jagi ili ncha izame zaidi, na maziwa yazunguke kama maji yanayoingia tundu la sinki. Sauti inapungua. Ikipiga kelele kali tangu mwanzo, ncha imezama mno na utapata maziwa ya moto yasiyo na povu. Jagi likichoma kiganja hata usiweze kulishika, funga mvuke. Ni nyuzi 60 hadi 65. Ukipita 70, utamu unapotea na harufu ya maziwa yaliyoungua inatokea. Usiyapashe tena yakipoa, hayatoi povu jema.

Maziwa mazuri yanang'aa kama rangi mbichi ya ukutani. Gonga jagi mezani mara moja, lizungushe, mimina papo hapo. Ukisubiri hata nusu dakika, povu linapanda juu na chini kunabaki majimaji. Futa bomba kwa kitambaa chenye unyevu na utoe mvuke tena kabla maziwa hayajakauka juu yake.

Kuna jambo lingine la huku kwetu. Maziwa ya Masisi ni matamu sana, lakini yakitikiswa njiani ndani ya bidoni kwa saa nyingi, mafuta yake huanza kuvunjika na povu hufa kwa sekunde chache huku likichachatika. Chemsha, ondoa utando, poza kwenye friji, ujaribu. Povu likifa tena, jaribu kutoa povu vilevile kwa maziwa ya boksi: yakikubali, mkono wako hauna kosa, badilisha maziwa.