Siku moja na kijana ambaye ungo wake ni mdogo

Saa 11:20 alfajiri

Kabla sijateleka chai, nakata vipande vya karatasi. Natumia migongo ya kalenda za mwaka jana kwa sababu ni migumu na haikunjiki ovyo. Kwenye kipande kimoja naandika sentensi nne zitakazokuwa ubaoni leo kipindi cha Kiswahili. Kwenye kingine nachora visanduku vinne vya Hesabu. Vyote ni vya kijana mmoja wa Darasa la Nne, mwenye miaka 10, anayekaa dawati la mbele karibu na dirisha.

Nafundisha shule ya msingi pembezoni mwa Morogoro, na darasani kwangu wamo watoto 61. Kijana huyu anasoma vizuri, ana hadithi tamu, na kwenye mpira wenzake humgombea. Lakini ukimpa jambo la kushika kichwani huku analifanyia kazi, linamwagika. Wataalamu huita uwezo huo kumbukumbu tendaji. Mimi huwaeleza wazazi kwa ungo. Ungo unashika nafaka na papo hapo unapepetea. Ukiujaza kupita kiasi hupepeti tena, unamwaga, na kilichomwagika mchangani hukikusanyi: unaanza upya. Kila mtoto ana ungo wake, na hukua kadiri anavyokua. Wa kijana huyu ni mdogo kuliko umri wake.

Saa 1:15 asubuhi

Mstarini. Mwalimu wa zamu anatangaza mambo manne kwa pumzi moja: la kwanza watoke wa usafi wa vyoo, wa Darasa la Nne wakachote maji, madumu yarudishwe stoo, kisha kila mtu aingie darasani na daftari la Sayansi mkononi. Watoto wanatawanyika. Kijana wangu anabaki amesimama, anatazama wenzake wanaelekea wapi ili awafuate.

Mwaka jana, nilipomwona amesimama hivyo, nilimpigisha magoti. Niliamini ni kiburi. Bado linaniuma.

Leo namsogelea na kumwambia jambo moja tu: "Kachote maji, ukimaliza njoo kwangu." Anaenda mbio.

Saa 2:00

Kiswahili. Kunakili kutoka ubaoni kunaonekana kazi nyepesi kuliko zote, na kwa mtoto wa namna hii ndiyo nzito kuliko zote. Hebu fuatilia anachofanya. Anatazama ubao na kuchukua maneno matatu. Anainamisha kichwa, anaanza kufikiria herufi za neno la kwanza, na wakati huo yale mawili yanatoweka. Anainua kichwa tena, lakini sasa hajui alikuwa mstari wa ngapi. Anachukua neno popote. Ukikagua daftari unakuta mstari mzima umerukwa, au neno moja limeandikwa mara mbili, au sentensi imeanzia sehemu moja na kuishia nyingine. Makosa ya aina hiyo, yanayohusu mahali alipofika kuliko tahajia, ndiyo yaliyonifungua macho.

Kwa hiyo kile kipande cha kalenda nakiweka kwenye dawati lake, juu kidogo ya daftari. Macho yake hayasafiri mbali. Anafunika kwa rula mistari ambayo hajaifikia. Tena wenzake wananakili sentensi nane, yeye nne, kwa sababu shabaha yangu ni ajue kutumia nafsi na wakati. Kunakili si somo la leo.

Msomaji atauliza, na watoto 61 nitawakatia vipande wote? Hapana. Lakini kimoja hutosha dawati zima, na nimeona wenzake wawili nao wanakitegemea bila kuambiwa. Watafiti wa Uingereza Susan Gathercole na Tracy Alloway wameeleza kwamba katika darasa la watoto 30 wa miaka 7 hadi 8, angalau watatu huwa na kumbukumbu tendaji ya mtoto wa kawaida wa miaka 4. Kwa hiyo sikushangaa kumkuta huyu. Najiuliza zaidi ni wangapi sijawaona.

Saa 3:20

Hesabu. Ubaoni nimeandika hivi:

Mama alinunua sukari kilo 3 kwa shilingi 2,800 kila kilo, na mchele kilo 2 kwa shilingi 2,500 kila kilo. Alitoa noti mbili za shilingi 10,000. Alirudishiwa chenji kiasi gani?

Wiki tatu zilizopita swali kama hili angeandika 8,400 na kuweka kalamu chini. Wenzangu wangetia mkasi na kusema hajui hesabu za maneno. Lakini itazame hiyo 8,400: ni bei sahihi kabisa ya sukari. Alizidisha vema, ila alipokuwa anashughulika na 3 mara 8 ni 24, andika 4, shika 2, mchele ukamwagika, noti zikamwagika, na hata swali lenyewe likamwagika. Akabaki na namba moja mkononi, akaitoa kama jibu. Siku nyingine aliandika 6,400, maana alisahau ile 2 aliyoishika. Asiyejua hukosea tangu mwanzo, au huchanganya ajumlishe wapi na azidishe wapi. Huyu huanza sawasawa kisha hukatikia njiani. Ndiyo maana siku hizi natia alama kwenye kila hatua, sitazami jibu la mwisho peke yake.

Leo tunafanya hivi. Kwanza anasoma sentensi ya mwisho kabla ya nyingine zote na kupigia mstari neno *chenji*. Sasa anajua anakokwenda. Kisha kwenye kipande changu kuna visanduku vinne, kila kimoja na jina lake: Sukari, Mchele, Jumla, Chenji. Anajaza kimoja kimoja. Sukari: 2,800 mara 3. Ile 2 ya kushika haishiki kichwani, anaiandika kidogo juu ya 2 ya maelfu, na anapata 8,400. Kisanduku cha pili, 5,000. Cha tatu anajumlisha alivyokwisha kuviandika, 13,400. Cha nne, 20,000 toa 13,400, anapata 6,600.

Dakika kumi na nne. Wenzake wa mbele walitumia saba. Mimi sina haraka naye.

Pembeni mwa dawati nimebandika jedwali la kuzidisha, na mwalimu mwenzangu mmoja hulilalamikia, anaona namdekeza. Nalitazama tofauti. Mtoto anayehangaika kutafuta 3 mara 8 kwa vidole anajaza ungo kwa kitu kidogo na kukosa nafasi ya kufikiri. Jedwali linamwachia nafasi. Na wakati huohuo kila asubuhi tunakariri naye jedwali moja kwa dakika tatu tu, wiki mbili mfululizo, kwa sababu kitu kilichozama kikajaa moyoni hakichukui nafasi kwenye ungo. Jedwali la 2 na la 5 tayari amelifunika kwa karatasi mwenyewe.

Saa 4:40

Uji. Ofisini mwalimu wa Sayansi anasema yule ni mvivu, akitaka anaweza. Namuuliza anamaanisha nini. Anasema, "Jana nilimuuliza ameelewa, akaniambia ndiyo mwalimu, halafu hakufanya chochote."

Hapo ndipo penye shida. "Umeelewa?" lina jibu moja tu kwa mtoto wa Kitanzania aliye mbele ya mwalimu wake. Namshauri aulize, "Utaanza na nini?" Kama hawezi kusema, maagizo yameshapotea, na ni heri kulijua hilo sasa kuliko baada ya dakika 20.

Anataka kujua kwa nini nina uhakika. Sina cheti cha kumpima mtoto, na sijamwita mgonjwa. Nilichofanya ni kuondoa sababu nyingine kwanza: mama yake alimpeleka kupimwa masikio na macho, yote yako salama. Kisha kama mchezo nilimtajia tarakimu ili azirudishe kinyumenyume. Nikisema 4, 9, anajibu 9, 4. Nikisema 5, 2, 8, anapotea, wakati wenzake niliocheza nao wengi walifika tatu au nne. Kurudisha kama zilivyo anaweza nne bila tabu. Kugeuza kunadai ashike na afanye kazi pamoja, na hapo ndipo anapomwaga.

Saa 6:10 mchana

Sayansi. Mwalimu yule anatoa maagizo moja baada ya jingine, na ameyaandika pembeni mwa ubao: *1 tarehe, 2 chora, 3 taja sehemu.* Nampitia dirishani. Kijana yuko namba 2.

Saa 8:40

Mama yake ananisubiri chini ya mwembe, ndoo ya maandazi imeshaisha. "Shikamoo mwalimu." Amenizidi umri, lakini huniamkia hivyo kwa ajili ya kazi yangu, nami naona haya.

Anasema kazi za nyumbani zinawaliza wote wawili, saa nzima na nusu kila jioni. Pia amemtuma dukani sukari, chumvi na kiberiti, amerudi na chumvi tu na kuapa hakutajiwa vingine. Akamchapa.

"Hakudanganya, mama," namwambia. "Kwake havikutajwa kweli. Vimeshatoka kichwani."

Anakaa kimya muda mrefu, anafuta macho kwa ncha ya khanga.

Tunakubaliana mambo machache. Maswali manne badala ya kumi, na dakika 25 zikiisha wanafunga daftari hata kama limebaki moja, mimi nitasaini. Asimwelekeze kwa kupaza sauti kutoka jikoni, asogee, aseme jambo moja, angoje limalizike. Dukani amwandikie. Kazi inaandikwa kwenye kijidaftari kilichofungwa kwa uzi kwenye mkoba, na inaandikwa palepale inapotolewa, si kengele ya mwisho inapolia.

Ananiuliza kuhusu michezo ya simu aliyoambiwa inakuza kumbukumbu. Namjibu ninavyojua: mtoto huwa hodari wa mchezo ule, lakini uhodari huo hauhamii kwenye hesabu. Vocha hiyo heri anunue madaftari.

Saa 2:15 usiku

Mama anapiga simu. Maswali matatu yamekamilika, la nne amekwama kwenye Jumla, dakika 25 zimeisha, wamefunga. Hakuna aliyelia. Nasikia nyuma yake kijana anamwambia mdogo wake jinsi noti mbili zinavyogeuka chenji.

Nachukua kalenda na mkasi. Cha kesho kina visanduku vinne vilevile, ila majina nimeandika matatu tu. La nne atalitafuta mwenyewe, na akishindwa nitalirudisha keshokutwa. Imla bado sijaipatia dawa. Sentensi nitaikata vipande vya maneno matatu matatu, nione anashika vingapi.