39!

Siku ile ya safari ya shule kwenda makumbusho tuliondoka na watoto 37, lakini namba tulizowapa wiki iliyotangulia zilifika 38. Hilo lenyewe lilinichanganya asubuhi, maana mmoja alikuwa ameugua usiku na mama yake akatuma ujumbe kwamba hatokuja. Nikachukua kalamu nianze kuwapanga upya kuanzia aliyekuwa wa 32 ili namba zifuatane. Mwalimu aliyekuwa akiongoza safari, mtu aliyekwisha kupeleka watoto matembezini kabla mimi sijawaza ualimu, akanishika mkono. "Ukiwabadilishia namba leo," akasema, "kutwa nzima watakuwa wanataja za jana." Badala yake akawaambia watoto kwamba wakijihesabu na zamu ikafika kwa 31, yule aliyeugua, wote waseme kwa pamoja, "Nyumbani!" Wakaijaribu mara mbili uani na wakaipenda kuliko mchezo wote.

Niueleze kwanza mchezo wenyewe. Wiki nzima kabla ya safari tuliufanya darasani, dakika chache kila siku kabla ya kwenda nyumbani. Mwalimu anapiga makofi mawili, watoto wanaganda kama sanamu, kisha 1 anataja namba yake, 2 anafuata, mpaka mwisho. Watoto wa miaka 8 wakishauzoea, namba 38 huisha kwa takriban nusu dakika. Asiyesikika, tunamsubiri kwa makofi matatu ya polepole, halafu anayefuata anaendelea, na pengo lile ndilo mwalimu analoandika. Kila siku mwalimu yule alimtoa mtoto mmoja nje ya mlango kwa siri, ili aone kama wenzake wataliacha pengo au watalijaza. Siku za mwanzo walilijaza. Kuna mtoto mmoja mwenye huruma aliyetaja namba yake na ya jirani yake kwa sauti mbili tofauti, ile ya pili nyembamba kidogo, asije rafiki yake akagombezwa. Hakuadhibiwa. Aliambiwa tu kwamba rafiki aliyesemewa hatafutwi na mtu. Ilibidi lirudiwe siku tatu au nne ndipo likaingia.

Pamoja na namba, kila mtoto alikuwa na pacha wa safari. Pacha anamshika mkono kwenye ngazi na njia za kuvuka, anakwenda naye mpaka mlango wa choo, na akiulizwa "Pacha wako yuko wapi?" lazima aweze kumgusa, si kumwonyesha kwa kidole. Kumwonyesha kwa kidole hakuhesabiki, kwa sababu mtoto huonyesha upande aliomwona mwenzake mara ya mwisho.

Mimi ningewaacha wachague mapacha wenyewe. Mwalimu mkongwe alikataa. Marafiki wawili wa chanda na pete, alisema, wakipotea hata hawajui kama wamepotea, kwa sababu aliye muhimu kwao yuko hapo hapo. Kwa hiyo mtoto mwenye kutangatanga alipewa mwenzake mwenye macho, na yule anayetembea taratibu akapewa asiye na haraka. Halafu akafanya jambo ambalo sikulielewa mpaka siku yenyewe: hakuwapa mapacha namba zinazofuatana. Aligawa 38 kwa 2, akapata 19, na pacha wa kila mtoto akawa yule aliyemzidi kwa 19. Namba 1 na 20, 2 na 21, 3 na 22, hadi 19 na 38. Yule aliyeugua alikuwa 31, kwa hiyo mwenzake, namba 12, akaunganishwa na jozi nyingine wakawa watatu. Jozi 17 na kundi moja la watatu: makundi 18, vichwa 37. Tarakimu hizo mbili nilijiandikia kiganjani.

Tulikwenda makumbusho. Ni jengo la ghorofa tatu, kumbi zimeungana kwa milango mipana, na ngazi moja ndiyo inayounganisha ghorofa na ghorofa. Ngazi ni rafiki wa mwalimu. Watoto wanaozunguka ukumbini hawahesabiki. Utamhesabu huyu mara mbili na yule usimwone kabisa. Lakini kwenye ngazi wanapita wawili wawili mbele yako. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja asimame juu na mwingine chini, kila mtu ahesabu kimyakimya na kuandika tarakimu yake kabla ya kumuuliza mwenzake. Ukisikia ya mwenzako kwanza, yako itajisahihisha yenyewe ifanane nayo.

Asubuhi ilipita vizuri. Kabla ya kuingia ukumbi wa wadudu, ghorofa ya pili, tulifanya mnyororo wa namba na ukakamilika, na "Nyumbani!" yao ikawafanya wageni wengine wageuke. Ukumbi ule ulikuwa umejaa. Kulikuwa na shule nyingine humo, na kwa bahati mbaya sweta zao zilikuwa za buluu kama zetu. Tukazunguka makabati ya vipepeo, tukapanga foleni, tukaanza kushuka.

Nilikuwa juu. Nikaandika 37. Chini mwenzangu naye aliandika 37. Kwenye ukumbi wa chini mwalimu mkongwe akaita, "Mapacha juu!" na mikono iliyoshikana ikainuliwa. Nikahesabu makundi: 18. Hakuna mtoto aliyelalamika kwamba pacha wake hayupo. Kwa hesabu zote tulizokuwa nazo, hakuna aliyekosekana, na mimi nilikwisha kugeuka kuelekea ukumbi wa mifupa.

Yeye akapiga makofi mawili.

1, 2, 3, 4, 5, 6. Kimya. Makofi matatu ya polepole. 8, 9, zikaendelea. Mtu anaweza kudhani 7 alikuwa anazubaa, wala isingekuwa ajabu. Lakini zilipofika 25 kukawa na kimya kingine, makofi matatu, kisha 27. Hapo mwenzangu aliyekuwa chini akanitazama: 7 na 19 ni 26. Walikuwa jozi. Mnyororo ukapita, "Nyumbani!" ikapigwa kwa furaha ile ile, ukafika 38. Na baada ya 38, kutoka mkiani mwa foleni, kitoto kikasema kwa kujiamini, "39!" Kingine kikadakia, "40!"

Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Walikuwa wawili wa shule ile nyingine, wameshikana mikono vizuri, wamejiunga na foleni iliyoonekana kuwa na mchezo. Wawili walikuwa wametoka, wawili wameingia, na kwa kuwa wageni nao walikuwa wameshikana, hata mikono iliyoinuliwa ilitimia 18. Hesabu ya vichwa inajua idadi tu. Haijui ni nani. Na pacha anamlinda mwenzake asipotee peke yake, ila wakipotea wote wawili hakuna anayebaki wa kusema. Kama namba zao zingekuwa 7 na 8, pengo lingekuwa moja, na katika kelele ile pengo moja lingeweza kupita kama uzembe. Mapengo mawili yaliyopishana kwa 19 hayakuacha nafasi ya kubishana.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, na hayakunikumbusha filamu yoyote. Watoto walikalishwa chini, migongo ukutani, na mzazi mmoja tuliyeongozana naye akabaki akiwafanyisha mnyororo tena na tena ili asiongezeke mwingine wa kutafutwa. Hakuna mtoto aliyetumwa kutafuta. Mwenzangu wa chini akaenda kwa mlinzi wa lango la kutokea akamweleza mavazi na kimo cha watoto wawili, kwa sababu mlango ukishalindwa, aliyeko ndani yuko ndani. Mimi nilipewa kazi ya kurudi nyuma kwa njia ile ile tuliyojia, si zaidi. Mnyororo wa mwisho ulikamilika kwenye mlango wa ukumbi wa wadudu, kwa hiyo walikuwa wamebaki kati ya mlango ule na ngazi. Hakukuwa na haja ya kuzunguka jengo zima nikiita majina. Wale wageni wawili nilipanda nao, mkono huu na mkono huu.

Nikawakuta nyuma ya kabati la mwisho la vipepeo, wamekaa sakafuni, migongo kwenye kabati, wameshikana mikono. Kamba ya kiatu cha 7 ilikuwa imekatika. Aliinama kuifunga, 26 akamsubiri kama alivyofundishwa, na walipoinua vichwa foleni ilikuwa imeondoka. Wakakaa, kwa sababu tuliwaambia ukituona hatupo, kaa ulipo na pacha wako, sisi ndio tutakaokuja. 26 aliniuliza kwa ukali kidogo mbona tumechelewa. Mwalimu wa wale wageni alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akihesabu watoto wanaotembea, kwa kidole, kwa mara nyingine tena. Nilimkabidhi wake wawili na akanishukuru kwa mshangao wa mtu ambaye bado hajaanza kutafuta.

Tuliporudi chini nikapendekeza 7 na 26 watenganishwe, kila mmoja apewe pacha mwingine. Mwalimu mkongwe hakukubali. Alisema wamefanya kila tulichowafundisha, na kasoro iko kwenye tulichowafundisha: tulimwambia pacha asubiri, hatukumwambia apige kelele. Kusubiri kimya kunawaweka wawili pamoja na kuwatenga na wengine wote. Basi pale pale ukumbini akaongeza neno moja. Anayesimama kwa sababu ya pacha wake anasema "Kamba!" kwa sauti, aliye mbele yake analirudia, na wa mbele yake naye, mpaka limfikie mwalimu wa kwanza, na foleni nzima inasimama. Na nyuma kabisa ya foleni, tangu saa ile, akawekwa mtu mzima ambaye hakuruhusiwa kumwacha mtoto yeyote nyuma ya mgongo wake. Hilo la pili lilipaswa kuwapo tangu asubuhi, lakini tulikuwa watu wazima watano na wote tulivutwa mbele na vipepeo.

Neno "Kamba!" lilitumika vibaya, kama mtu yeyote angetabiri. Kabla hatujamaliza ukumbi wa mifupa foleni ilisimamishwa kwa kiatu ambacho hakikuwa na kamba, kwa jino linalotikisika, na kwa mtoto aliyetaka kujua kama linafanya kazi. Mwalimu alisimama kila mara bila kununa, akauliza ni nani, akaangalia, akasema tuendelee. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema afadhali asimame bure mara ishirini leo, kwa sababu akimkaripia mmoja, wa pili hatasema. Jozi ile aliibadilisha mahali tu: 7 na 26 walihamishiwa katikati ya foleni, na kamba ya kiatu ikafungwa kwa utepe uliotoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza.