Kipi kikae usoni mwa kipeperushi, na ndani kitangulie kipi

Jumatano, jioni

Tangu mchana nimekuwa nikipanga upya kipeperushi cha wazazi kuhusu kumpa maji ya ORS mtoto anayeharisha. Maneno yake yalikuwa yamekwisha kuhakikiwa na watu wa afya, na sikuwa na sababu ya kuyagusa. Kilichokuwa kikinisumbua ni mahali maneno hayo yalipowekwa, kwa sababu mzazi angeweza kukifungua kipeperushi kizima bila kukutana na maelezo ya kuchanganya dawa hadi afike kwenye pembe ya mwisho ya karatasi.

Ni karatasi ya A4 iliyolazwa, yenye mikunjo miwili, kwa hiyo ina nyuso sita: tatu za nje na tatu za ndani. Rasimu niliyopokea ilikuwa imejazwa kama ukurasa wa kawaida, kutoka kushoto kwenda kulia, upande wa nje kwanza kisha wa ndani. Hapo ndipo mpangilio ulipoharibikia. Ukiutandaza upande wa nje mbele yako, uso wa kushoto si wa kwanza kusomwa hata kidogo. Ni lile jani linalokunjwa kuingia ndani. Wa katikati ndio mgongo wa kipeperushi, na wa kulia ndio uso wa mbele. Mwandishi aliyeanza kushoto alikuwa ameweka salamu za mwenyekiti wa mradi kwenye jani la ndani na maelezo ya mradi mgongoni, na kilichobaki, yaani jina refu la mradi, nembo tatu na picha ya watoto wanaocheka, kikaangukia mbele.

Nilianza kwa kukunja karatasi tupu na kuandika namba kwa penseli kufuatana na jinsi mkono unavyoifungua. Hatua hii siiruki kamwe, hata pale ninapodhani ninaukumbuka mpangilio. Namba 1 ni uso wa mbele. Msomaji akiufungua kuelekea kushoto, anaona nyuso mbili kwa pamoja: kushoto kwake uso wa kwanza wa ndani, na kulia kwake lile jani ambalo bado limekunjwa. Akilifungua jani hilo kuelekea kulia, linatoweka machoni pake, na nyuso tatu za ndani zinatandazika. Kwa hiyo uso wa ndani wa kushoto huonekana mara mbili, kwanza ukiwa na jani pembeni yake, kisha ukiwa na wenzake wawili. Jani lenyewe huonekana mara moja tu, na katika wakati mahususi: msomaji amekwisha kuvutiwa na uso wa mbele lakini hajaanza kazi. Karibu kila uamuzi wa leo umetokana na jambo hilo.

Uso wa mbele nimeuuliza maswali mawili tu: mzazi atajuaje kwamba kipeperushi hiki ni chake, na atajuaje kwamba kina jambo la kumsaidia sasa hivi? Jina la mradi halijibu swali lolote kati ya hayo. Picha ya watoto wanaocheka ni nzuri, lakini ingeweza kuwekwa kwenye kipeperushi cha chanjo, cha shule au cha meno bila mtu kuona kasoro. Badala yake nimeandika kwa herufi kubwa: «Mtoto anaharisha? Anza kumpa maji ya ORS nyumbani.» Chini yake kuna mstari mmoja mdogo usemao kwamba maelezo haya ni kwa wazazi na walezi wa watoto walio chini ya miaka 5, kisha mchoro wa mkono unaomimina pakiti ya ORS kwenye jagi la maji. Mchoro unasema jambo lilelile linalosemwa na kichwa, na asiyesoma kwa wepesi ataelewa kinachozungumziwa.

Kichwa hicho nimekiweka katika theluthi ya juu, yaani ndani ya milimita 70 za kwanza kati ya 210. Vipeperushi vikipangwa kwenye kishikizo cha ukutani au mezani, sehemu ya chini hufichwa na kishikizo chenyewe au na vipeperushi vya safu iliyo mbele, na mara nyingi theluthi hiyo ya juu ndiyo pekee inayobaki wazi. Katika rasimu ya awali sehemu hiyo ilikuwa imechukuliwa na nembo tatu. Nembo zimehamia mgongoni, pamoja na anwani ya kituo, simu na saa za kazi. Niliwaeleza wenye mradi kwamba mgongo si mahali pa kudharauliwa: kipeperushi kikiachwa mezani kifudifudi, huo ndio uso unaoonekana, na anayetafuta namba ya simu huugeuza huo kabla ya kufungua ndani. Wamekubali, ingawa mmoja wao aliomba nembo yao angalau moja ibaki mbele. Nimeiweka chini kabisa, ndogo, mahali ambapo haishindani na kichwa.

Jani linalokunjwa ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuweka hapo orodha ya vitu vinavyohitajika, yaani pakiti, maji safi, chombo cha kupimia na kijiko, kwa kuwa ndivyo kazi inavyoanza. Lakini kuna swali linalotangulia hata vyombo: je, mtoto huyu ni wa kuhudumiwa nyumbani, au ni wa kukimbizwa kituoni sasa hivi? Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila anachopewa, mwenye damu kwenye choo, aliyelegea au aliye vigumu kuamka, au mwenye macho yaliyobonyea, anahitaji mhudumu wa afya bila kucheleweshwa. Katika rasimu, dalili hizi zilikuwa aya ya mwisho ya uso wa ndani wa kulia, baada ya sababu za kuhara na maelezo marefu ya kinga. Nimezileta kwenye jani, chini ya kichwa «Mpeleke kituoni mara moja ukiona», kila dalili kwenye mstari wake.

Uzuri wake ni kwamba, mzazi anapofungua mara ya kwanza, kulia ana dalili za hatari na kushoto ana hatua za kuchanganya. Mambo mawili anayopaswa kuyajua kwanza yako mbele yake kwa wakati mmoja, kabla hajafungua mkunjo wa pili.

Uso wa ndani wa kushoto, basi, ni wa kuchanganya peke yake. Nawa mikono kwa sabuni. Pima maji safi ya kunywa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Mimina unga wote. Koroga hadi uyeyuke. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe na yachanganywe mengine. Kiasi cha maji nimekiwekea mstari wake na herufi nzito, kwa kuwa kosa la hapo lina madhara: maji yakiwa machache, chumvi inazidi, na yakiwa mengi mno, dawa inapungua nguvu. Kwa sababu uso huu unasomwa mara mbili, ukiwa na majirani tofauti, sentensi yake ya mwisho haiendelei kwenye uso mwingine. Sentensi inayovuka mkunjo hapo ingemwongoza msomaji kwenye jani badala ya uso wa katikati, akachanganya hatua za dawa na dalili za hatari.

Uso wa katikati umepewa kiasi cha kunywesha, na huu ndio nilioupa nafasi tupu nyingi kuliko yote. Kila baada ya choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa, na mwenye miaka 2 au zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, mlezi asubiri dakika 10, kisha aendelee polepole zaidi. Vipimo hivyo nimevichorea vikombe vilivyojazwa hadi alama, kwa sababu mlezi atavirejea usiku, akiwa na mtoto mkononi, na hatakuwa na subira ya kutafuta namba katikati ya aya.

Uso wa kulia una yale yanayoendelea baada ya hapo: kunyonyesha kusisimame, chakula kiendelee, na vidonge vya zinki vitolewe kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu alivyoelekeza, hata kama kuhara kumekoma mapema. Chini yake nimerudia dalili za hatari kwa ufupi, ndani ya kisanduku. Mwenzangu anayehariri aliuona urudiaji huo kuwa upotevu wa nafasi, na ningekubaliana naye kama kila mtu angepata kipeperushi kizima. Lakini vituo vikiishiwa hutoa nakala kwa mashine, na mara nyingi ni upande mmoja tu, ule wa ndani, ambao pia ndio unaobandikwa ukutani. Jani likikosekana, dalili zote zingepotea pamoja nalo. Ili nipate nafasi ya kisanduku hicho nimeondoa kabisa maelezo ya kuhara ni nini, maana mzazi aliyekishika kipeperushi hiki analijua hilo kwa macho yake. Salamu za mwenyekiti pia zimetoka. Kinga nimeipunguza hadi mistari minne na kuiweka mgongoni, juu ya anwani.

Limebaki suala la vipimo vya karatasi, ambalo ni fupi lakini halisamehe. Nyuso haziwi sawa: upana wa milimita 297 nimeugawa kuwa 100, 100 na 97, na ule wa 97 ni wa jani linaloingia ndani. Upande wa nje uso mwembamba uko kushoto, na upande wa ndani uko kulia. Anayenakili mistari ya upande mmoja na kuiweka vilevile upande wa pili hupata mkunjo unaokata maneno, na jani lisilopunguzwa hujipinda au kukataa kulala. Dalili ya wazi ni rangi ya uso wa mbele kujitokeza kama utepe mwembamba mgongoni, au mgongo kuingia mbele. Kwa kuwa karatasi imelazwa, uchapaji wa pande mbili lazima ugeuzwe kwa ukingo mfupi. Ukigeuzwa kwa ukingo mrefu, upande wa ndani hutoka kichwa chini.

Kesho nitachapa nakala moja, nitaikunja na kumpa mlezi ambaye hajawahi kuiona. Nitamwomba anionyeshe kiasi cha maji ya kuchanganya, kisha dalili za kumpeleka mtoto kituoni, nami nitatazama mkono wake unafungua wapi kwanza. Akipitia jani moja kwa moja hadi ndani bila kulisoma, nitaongeza ukubwa wa kichwa chake na kulipa rangi tofauti na uso wa kushoto, kwa sababu kwa sasa yote mawili ni meupe na yanaweza kuonekana kama ukurasa mmoja. Mchapaji atapelekewa faili pamoja na karatasi yangu iliyokunjwa yenye namba za penseli.