Siku moja maishani mwangu: fito kumi na saba chini ya Kariakoo

Saa 12:15 asubuhi. Kazi yangu ni kuzibua mabomba ya majitaka, na simu ya kwanza inatoka katika nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, mtaa wa ndani Kariakoo. Choo cha chini kinabubujika na maji yanapanda, ingawa hakuna aliyeyavuta. Dalili hiyo hunieleza kwamba choo chenyewe hakina kosa: wageni wa juu wanapovuta maji, majitaka hukuta njia imefungwa mbele, yakarudi kutafuta tundu lililo chini kuliko yote.

Saa 1:30. Tunafungua chemba mbili zinazofuatana uchochoroni. Ya juu imejaa hadi shingoni, ya chini ni kavu, kwa hiyo kizibo kimo katikati yake. Tunaiacha mifuniko wazi kwa muda na hakuna anayeshuka, kwa sababu gesi ya majitaka yenye harufu ya yai viza, ikizidi, huipumbaza pua, na mtu akadhani imeshatoka. Fito tunaziingizia kwenye chemba kavu, tukizielekeza juu. Kila fito ina urefu wa mita moja, na tunaziunga moja baada ya nyingine. Ya kumi na saba inagonga kitu kinachobonyea kidogo kisha kinagoma.

Saa 3:00. Kizibo kinaachia na maji yanashuka kwa kishindo. Mwenzangu ameshatega reki mdomoni mwa bomba, maana uchafu huo ukiachwa upite utaziba tena mita mia moja mbele. Kinachonaswa ni kamba nene iliyojisokota yenyewe: waipsi, yaani vile vitambaa laini vya majimaji vya kufutia watoto na kuondolea vipodozi, pamoja na vipande vya kanga kuukuu na tambara la jikoni, vyote vimegandiwa na mafuta ya rangi ya maziwa mtindi. Karatasi ya chooni hamna hata kipande, kwa kuwa yenyewe huachana majini. Waipsi nyingi zina nyuzi za plastiki, na hata ile isiyo na plastiki imefumwa ili isichanike ikiwa na unyevu. Moja hunasa kwenye kiungio cha bomba, ya pili huishika ya kwanza, na mafuta hufanya kazi ya gundi.

Saa 5:00. Mgahawa wa jirani unatumia bomba hilohilo, na mwenye nao hupika supu ya ng'ombe tangu alfajiri.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mafuta mimi namwaga yakiwa moto, tena nayasukuma kwa maji ya moto na sabuni. Hayawezi kuganda hapa kwangu.”

Ni kweli, hayagandi kwake. Joto la Dar es Salaam huwadanganya wengi, lakini shahamu ya ng'ombe huanza kuganda hata kabla haijapoa kufikia joto la mwili wa mtu, nayo bombani hupoa haraka. Baadaye hukutana na chokaa iliyomo katika saruji na kugeuka kitu kigumu kinachofanana na sabuni ya kipande. Ninamwomba ayaache mafuta yagande kwenye kopo, na sufuria zipanguswe kwa gazeti kabla ya kuoshwa. Mtego wa mafuta anao, ila umejaa. Unapaswa kusafishwa kabla mafuta na mashapo hayajafika robo ya kina chake. Zaidi ya hapo maji hupita na mafuta yake.

Saa 8:00. Narudi nyumba ya wageni. Ukutani pamebandikwa tangazo: “Tafadhali usitupe taka chooni.”

“Kaka, tangazo lipo siku zote,” ananiambia dada wa mapokezi.

Namwamini. Tatizo ni kwamba mgeni aliyeshika waipsi haioni kuwa ni taka, hasa pakiti yake inapodai kwamba inaweza kuvutwa na maji. Na ndoo ya taka iko koridoni, hatua kumi kutoka mlangoni. Najaza maji chupa mbili za plastiki, moja naitia karatasi ya chooni na nyingine waipsi, kisha tunazitikisa kwa dakika moja. Karatasi inakuwa kama uji. Waipsi inatoka nzima, na dada anaikamua kwa mikono miwili. Tunaandika upya: “Waipsi, pedi, nepi na vitambaa: weka kwenye ndoo hii.” Karatasi hiyo inabandikwa usawa wa macho ya aliyekaa, juu ya ndoo yenye mfuniko iliyosogezwa ndani ya kila choo. Tangazo lisilotaja kitu kwa jina lake, wala kuonyesha pa kukiweka, nimeliona likishindwa mara nyingi mno.

Saa 10:30 jioni. Nafungua tena chemba ya chini. Maji yanapita membamba na ya kasi. Naandika kwenye daftari umbali wa kizibo, mita 17, pamoja na vilivyotoka, na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili. Nitaweka reki mahali palepale na kuhesabu waipsi zitakazonasa.