Nilivyomwandikia Mkuu wa Wilaya mpaka akajibu

Ushauri niliopewa ulikuwa wa aina mbili, na wote haukufaa kitu. Vijana waliniambia siku hizi viongozi wote wako kwenye simu, mwandikie tu kama unavyomwandikia mtu yeyote. Wazee wakaniambia kiongozi haandikiwi ila kwa maneno mazito mazito, mengi, yaliyotandikwa kama mkeka. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaokausha na kukaanga dagaa hapa Sahare, Tanga, na shida yetu ilikuwa ndogo: tulitaka Mkuu wa Wilaya aje kuwa mgeni rasmi kwenye uzinduzi wa banda letu jipya. Namba yake ya kazi tulipewa na mtu tunayemwamini. Kilichobaki ni kuandika.

Kabla sijashika kalamu, binti wa mwenyekiti wetu alikuwa ameshatuma. Ujumbe wake ninao mpaka leo, nikiwa na huzuni naufungua nacheka:

"Mambo mkuu 😊 cc ni wamama wa sahare 2naomba uje jmos kwny ufunguzi wa banda letu la dagaa uxikose bac pilau lipo 🙏🙏"

Jibu likaja jioni, maneno mawili: "Nani mwenzangu?"

Mtoto naye bila kuchelewa: "cc wamama wa dagaa." Baada ya hapo kimya. Kesho yake akaongeza: "Mkuu mbn kimya." Nilimnyang'anya simu, wallahi.

Siwezi kumlaumu kwa kufupisha, maana serikali yenyewe inafupisha kuliko yeye. Barua yoyote ya ofisini imejaa vifupisho: S.L.P., Kumb. Na., Yah., K.K., Mhe. Tofauti ni kwamba hivi kila karani anavijua na vina mahali pake pa kukaa, lakini "cc" ukiituma ofisini wao wanaelewa ni nakala, si "sisi". Hicho kilikuwa kioja cha kwanza. Cha pili ni hiyo "mkuu". Mtaani "mkuu" ni konda, ni bodaboda, ni yeyote unayetaka akupunguzie bei. Cheo cha mtu kinaandikwa kizima. Cha tatu ndicho kilichotuponza zaidi: ujumbe haukusema Jumamosi ya tarehe ngapi, saa ngapi, kikundi gani wala nani anaandika. Kwenye soga mwenzako anakujua, jina lako limo kwenye simu yake, kinachopungua atauliza. Kiongozi hakujui. Kwake wewe ni namba.

Basi nikaenda kwa shemeji yangu, aliwahi kuwa karani zamani. Alifurahi kuombwa. Akatoa miwani, akaagiza kahawa, akaandika jioni nzima. Ilianza hivi: "Kwa heshima na taadhima kubwa isiyo kifani, sisi akina mama wanyonge tulio chini ya kivuli cha uongozi wako mtukufu, tunapiga magoti mbele yako tukiwa na furaha isiyoelezeka..." Ikaendelea hivyo, dagaa hawajatajwa. Nilipoinakili kwenye simu na kujitumia mwenyewe nione itakavyofika, ikakatika katikati, chini pameandikwa "Soma zaidi". Sehemu inayoonekana bila kubonyeza haikuwa na mwaliko, haikuwa na tarehe, ilikuwa na magoti tu. Isitoshe alikuwa ameandika "mje" na "mtufikie", eti wingi ndiyo heshima. Nikamuuliza, shemeji, wakisoma "mje" si watakuja ofisi nzima na mimi nina sahani za watu wachache? Kwenye barua za serikali kiongozi anaandikiwa kwa umoja, "ofisi yako", "uwepo wako", na hakuna anayekasirika. Heshima imebebwa na cheo na mpangilio. Shemeji alinuna, lakini kahawa nililipa mimi.

Hila iliyonitoa ni hii, na ninajisifu nayo. Kwenye faili la kikundi tulikuwa na barua moja ya zamani kutoka ofisi ya serikali, ya kutuita kwenye mafunzo. Nikaitandika mezani, nikaacha kuangalia ilichosema, nikaangalia ilivyopangwa. Anuani ya mwandishi juu, tarehe, kisha anayeandikiwa kwa cheo chake, halafu kichwa cha habari kwa herufi kubwa, kikianza na Yah. Sentensi ya kwanza ya mwili haina hata salamu ndefu: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Aya inayofuata ni jambo lenyewe. Mwisho, jina na cheo. Hakuna aliyepiga magoti. Kama wao wanaandikiana hivyo, mimi nina nini cha kuongeza?

Nikachukua daftari, kushoto nikaandika ninavyosema, kulia ninavyopaswa kuandika. "Tunataka uje" ikawa "tunakualika kuwa mgeni rasmi". "Ufunguzi wa banda letu" ikawa "uzinduzi wa banda la kukaushia dagaa". "Usikose" niliifuta, kiongozi haambiwi asikose. Nikaweka "tutashukuru kupata majibu ya ofisi yako mapema". Iliyonipendeza zaidi ni ile ya lawama. Mwenyekiti alitaka niandike "tumekutumia meseji hukujibu". Nikaigeuza: "Tulijaribu kuwasiliana na ofisi yako bila mafanikio." Lawama imo, lakini haina kidole, hakuna "wewe" ndani yake. Hata hivyo mwishoni niliitoa pia. Ya nini kumkumbusha "mkuu mbn kimya"?

Salamu ilitupa kazi. Mimi nina wajukuu, Mkuu wa Wilaya kwa umri ni mwanangu kabisa. Wenzangu wakasema andika "Shikamoo Mheshimiwa". Nimwamkie mwanangu? Na nisipomwamkia, si nitaonekana nina kiburi? Shikamoo ni ya watu wawili wanaoonana na kujuana umri. Kwenye maandishi ya kiofisi haina nafasi. Wala "Asalaam aleikum" sikuiweka, ingawa hapa Tanga inatutoka mdomoni yenyewe, kwa sababu ninaandikia ofisi. "Salaam" peke yake inatosha, haina umri wala dini.

Na hapo kwenye "Mheshimiwa" watu wanachanganya sana. Mkuu wa Wilaya ni kiongozi wa kisiasa, anaitwa Mheshimiwa. Mbunge na diwani vilevile. Lakini Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa halmashauri na maofisa wengine ni watumishi, hao kwenye barua ni "Ndugu". Ukimwita kila mtu Mheshimiwa hutafungwa, ila karani atajua mara moja kwamba umebahatisha.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nililipata kwa mtendaji wetu wa kata: ujumbe wa simu hauna faili. Hata kiongozi akiusoma akaupenda, hauwezi kuingia kwenye ratiba yake mpaka kuwe na karatasi iliyopokelewa masijala. Kwa hiyo barua kwanza. Nikaichapisha steshenari, mwenyekiti akatia sahihi na mhuri, ikapita kwa mtendaji naye akagonga wake pale penye "K.K.", maana maombi ya kikundi cha mtaani yakiruka kata yatarudishwa kata. Nikaipeleka mwenyewe pamoja na nakala ya pili, nikaomba nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa, nikarudi nayo. Karatasi, kurudufisha na bodaboda, yote haikufika elfu kumi. Mhuri wa kikundi tulikuwa nao tayari, ule ndio ulitugharimu zamani.

Baada ya hapo ndipo nikatuma ujumbe, asubuhi ya siku ya kazi, mara moja, mzima, bila kuukatakata:

"Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Salaam.

YAH: MWALIKO WA KUWA MGENI RASMI, UZINDUZI WA BANDA LA KUKAUSHIA DAGAA, SAHARE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kikundi chetu cha wanawake wakaushaji dagaa kinakualika kuwa mgeni rasmi katika uzinduzi wa banda lake, siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni, 2025, saa 4:00 asubuhi, ufukweni Sahare.

Barua rasmi iliyopitia kwa Mtendaji wa Kata imepokelewa masijala ya ofisi yako leo. Nakala yake imeambatishwa. Tutashukuru kupata majibu ya ofisi yako mapema ili tukamilishe maandalizi.

Naomba kuwasilisha."

Chini yake jina langu kamili, "Katibu wa Kikundi", na namba ya simu, ingawa namba anaiona. Ujumbe kama huu husambazwa kwa msaidizi, na ukisambazwa namba ya mwandishi haifuati. Kichwa cha habari nilikiweka juu makusudi, ili hata anayesoma kwa kuchungulia tu kwenye kioo bila kufungua ajue ni mwaliko. Na nilitumia simu yangu, si ya binti. Kabla ya kutuma nikabadilisha picha ya wasifu, maana ilikuwa ya mjukuu amevaa miwani ya jua amebinua midomo.

Majibu yakaja kabla ya adhuhuri, si ya Mheshimiwa, ya msaidizi wake: "Salaam Katibu. Mwaliko umepokelewa. Tafadhali wasilisha rasimu ya risala na ratiba ya shughuli." Umeona? "Katibu". Si "nani mwenzangu".

Hapa nusura niharibu. Kidole kilikuwa kinakwenda kwenye gumba la juu, lile la njano, kama ninavyomjibu mwanangu. Nikakizuia. Nikaandika: "Salaam. Maelekezo yamepokelewa. Risala na ratiba vitawasilishwa kesho kabla ya saa 6:00 mchana." Mwenzako akishaanza rasmi, usishuke kabla yake. Siku za mwisho msaidizi yule alilegea mwenyewe, akaniandikia "Mama, saa imesogea, tuanze saa 5", na mimi nikamjibu "Sawa mwanangu, tutajipanga". Kwake yeye tu. Kwenye ule uzi wa Mheshimiwa niliandika upya kwamba mabadiliko ya muda yamepokelewa.

Siku yenyewe Mheshimiwa aliposhuka garini alinifuata mimi kwanza, akaniinamia: "Shikamoo mama." Nikaitika marahaba, wenzangu wakanitazama. Shemeji alikuwepo, amekaa mstari wa mbele, anawaambia waliokuwa karibu kwamba ile barua aliiandika yeye.