Siku moja maishani mwangu: kumlaza mtoto kwa picha ya kichwa, Malindi

Saa 12:30 asubuhi. Kazi yangu ni nusukaputi, katika hospitali moja hapa Malindi. Leo kuna mtoto wa miaka miwili, kilo 12, anayeshikwa na degedege upande mmoja wa mwili. Anahitaji siti skani ya kichwa, na hawezi kutulia. Kabla hajafika najaribu mashine ya kufyonza mate, naangalia oksijeni, naweka tayari barakoa ya kimo chake na mfuko wa kumpumulishia.

Saa 2. Simuulizi mama kama mtoto amefunga. Nauliza kitu cha mwisho kupita mdomoni kilikuwa nini, na saa ngapi. Mama anasema hajala tangu usiku. Bibi anainamisha kichwa.

"Mwanangu, alilia alfajiri. Nilimpa chai kidogo, saa kumi na moja."

"Ahsante bibi kwa kuniambia."

Namshukuru kwa dhati, maana chai ya maziwa huhesabiwa kama maziwa. Tunasubiri muda wa saa 6, sawa na uji au chakula. Maziwa ya mama ni muda wa saa 4, maji matupu muda wa saa 2. Mtoto aliyelazwa kwa dawa akicheua, maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Naisogeza picha kutoka saa 3 hadi saa 5, na kusema anywe maji mpaka saa 3. Kumwacha na kiu bure ni kumtesa, na mishipa yake huwa migumu kupatikana.

Saa 5. Nampa dawa ya kumlaza, ketamini miligramu 12, polepole kwa dakika nzima, kwa sababu ikisukumwa haraka mtoto anaweza kuacha kupumua. Macho yanabaki wazi yakichezacheza, mama nilishamwonya. Mpiga picha anashughulika na mashine, mimi na mtoto tu. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kinasoma 99, lakini mtoto anayepewa oksijeni anaweza kusoma hivyo hata pumzi ikiwa imekatika, namba ikashuka baadaye. Kwa hiyo natazama kifua na mstari wa hewa anayotoa. Anaanza kukoroma, mstari unapungua. Namwinua kidevu, unarudi.

Saa 7 mchana. Ameamka, anashika shingo mwenyewe, amekunywa maji bila kutapika. Nawaeleza: kwenye tuktuk mmoja ampakate na kuangalia kidevu kisianguke kifuani, maana hapo njia ya hewa huziba. Maji kwanza, kisha chakula chepesi. Leo asiachwe peke yake kwenye ngazi wala majini, na asipewe piritoni. Akikataa kuamka, akipumua kwa shida, midomo ikibadilika rangi au akitapika tena na tena, warudi mara moja.

Saa 1 jioni napiga simu. Alitapika mara moja, akala wali, anayumba akitembea. Namwambia mama wamshike mkono mpaka kesho.