Nilivyoandika barua ya kuomba ukarani wa ghala kwa hesabu zinazoweza kukaguliwa

Msimamizi wangu wa zamani alipokuwa akitafuta msaidizi, mimi ndiye niliyepewa rundo la barua za waombaji nizipange. Nyingi zilisema mambo yaleyale: nina uzoefu wa kutunza stoo, ni mwaminifu, nimepunguza makosa kwa kiasi kikubwa. Msimamizi alikuwa akifika kwenye hayo makosa anauliza kwa sauti, "Makosa gani, kati ya mangapi, na alijuaje?" Zamu yangu ya kuomba kazi kwingine ilipofika, niliamua barua yangu iyajibu maswali hayo matatu kabla hajayauliza mtu.

Nilianza na rekodi za stoku, maana ndiko nilikokuwa na ushahidi. Ghala letu lilikuwa na aina 240 za bidhaa, kila moja na mstari wake kwenye mfumo na kadi yake iliyoning'inia kwenye rafu. Nilikuwa nimehifadhi karatasi za hesabu ya mali ya mwanzo, ile iliyofanyika nilipokabidhiwa ghala, na za hesabu iliyofanyika baadaye utaratibu ulipokwisha kubadilika. Kwenye karatasi ya kwanza, mtu angetazama jumla tu angesema hali si mbaya: ziada vipande 310, pungufu vipande 325, tofauti vipande 15. Lakini ziada ya bidhaa moja haifidii upungufu wa nyingine. Mteja aliyeagiza balbu hatakubali kupewa soketi kwa sababu soketi zimezidi. Kwa hiyo niliiacha jumla, nikahesabu mistari. Bidhaa ambayo kiasi cha rafuni kinalingana kabisa na cha mfumo ni mstari sahihi. Ikipungua au kuzidi hata kipande kimoja, si sahihi. Kwenye lahajedwali, safu ya F ilikuwa na kiasi kilichohesabiwa kutoa kiasi kilichoandikwa, na fomula ikawa hii:

```
=COUNTIF(F2:F241,0)/COUNTA(A2:A241)
```

Hesabu ya kwanza ilitoa mistari 204 sahihi kati ya 240, yaani asilimia 85. Ile ya baadaye ilitoa 228, asilimia 95. Kwa maneno mengine, mistari yenye tofauti ilishuka kutoka 36 hadi 12. Katika barua niliweka idadi yenyewe, kwa sababu asilimia tupu humwacha msomaji hajui kama ulihesabu bidhaa 20 au 2,000.

Kuna sharti moja: hesabu mbili zilinganishwe tu kama zilifanywa kwa namna moja. Zote zilifanyika mapokezi na utoaji vikiwa vimesimamishwa, na waliohesabu walipewa karatasi isiyo na kiasi cha mfumo. Mhesabuji akiona limeandikwa 48, akifika 46 ataona amechoka kuhesabu na ataandika 48. Hilo nalo nililitaja katika barua, kwa maneno machache tu, kwani mtu wa ghala akiliona anajua anaongea na nani.

Ilibaki sababu. Tarakimu ikipanda bila maelezo, msomaji anaweza kudhani ni bahati, au kwamba mtu alirekebisha mfumo ufanane na rafu usiku wa kuamkia hesabu. Nilichagua kisa kimoja. Msambazaji wa balbu alikuwa amebadilisha ufungaji, katoni ikawa na balbu 10 badala ya 12, na mfumo ukaendelea kuzidisha kwa 12. Zilipoingia katoni 20, rekodi ilisema balbu 240 wakati rafuni zipo 200. Balbu 40 za hewa, na hakuna aliyeiba. Niliagiza kila mzigo unapopokelewa ifunguliwe katoni moja ya kila aina, idadi ya ndani iandikwe kwenye hati ya kupokelea mzigo, ndipo mzigo uingizwe kwenye mfumo. Kupokea mzigo kulichukua muda zaidi kidogo, na madereva walinung'unika, lakini aina hiyo ya kosa tulianza kuikamatia mlangoni.

Kwenye ratiba za usafirishaji nilikuwa mwangalifu zaidi. Oda kufika kwa wakati hakutegemei karani peke yake. Kuna dereva, kuna barabara, kuna gari kuharibika. Nikasema tu kile kilichokuwa mikononi mwangu. Zamani hati za kutolea mzigo zilichapishwa asubuhi, kwa mpangilio wa oda ilivyoingia. Nilianza kupanga kwa kurudi nyuma kutoka kwa mteja: kama anapokea mwisho saa 5 asubuhi, safari huchukua muda wa saa mbili na kupakia muda wa saa moja, basi gari lianze kupakiwa kabla ya saa 2, nami nikaweka saa 1 na nusu ili pabaki nafasi. Hati zikawa zinatoka jioni yake, bidhaa zikakusanywa na kuwekwa karibu na mlango wa kupakilia. Mwezi wa kabla ya hapo, oda 128 kati ya 160 zilifika ndani ya muda na zikiwa kamili. Mwezi niliotumia kulinganisha zilikuwa 138 kati ya 150. Asilimia 80 na asilimia 92. Oda iliyofika mapema lakini imepungua katoni moja niliihesabu kuwa imeshindwa, ingawa ilinipunguzia alama.

Aya iliyobeba yote hayo ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia:

"Katika ghala la aina 240 za bidhaa, nilisimamia rekodi za stoku na hati za mapokezi na utoaji. Kwa hesabu zilizofanywa bila mhesabuji kuona kiasi cha mfumo, mistari yenye tofauti ilishuka kutoka 36 hadi 12, hasa baada ya kuanza kukagua idadi ya ndani ya katoni wakati wa kupokea. Nilipanga pia ratiba ya upakiaji kwa kufuata muda wa mwisho wa mteja kupokea. Oda zilizofika kwa wakati na zikiwa kamili zilitoka 128 kati ya 160 kwa mwezi hadi 138 kati ya 150, kwa ushirikiano na madereva na wapakiaji."

Majina ya wateja na wasambazaji sikuyaweka, wala thamani ya mali. Hizo ni siri za mwajiri, na anayekusoma atajiuliza utazimwaga zake lini. Nilimwomba msimamizi wangu ruhusa ya kutumia zile idadi, akakubali pia kuzithibitisha akipigiwa simu. Juu ya aya hiyo palikuwa na sentensi mbili za kutaja nafasi ninayoomba na mfumo wa stoku niliozoea, chini yake lini naweza kuanza. Barua haikujaza ukurasa.

Kwenye usaili, mkuu wa ghala alipita moja kwa moja hadi kwenye zile 12 zilizobaki. Nilimwambia 7 zilikuwa nyaya zinazokatwa kwa mita, ambapo kila mkato huacha kipande kisichouzika na hakikuwa na mahali pa kuandikwa. 5 zilikuwa bidhaa zilizorudishwa na wateja, zimewekwa rafuni kabla hati ya marejesho haijaingizwa. Akauliza ningefanya nini na zile nyaya. Tukahamia kwenye kuandika masalio kila siku, na maongezi ya usaili yakageuka kuwa ya kazi.